Hoja ya kompyuta tisa: safari ya jibu kutoka stoo hadi PAC

Kila Aprili hapa Tanzania, ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikishawekwa mezani bungeni, watu huniuliza swali moja: kwa nini hoja zilezile za ukaguzi zinarudi kila mwaka? Nimefanya kazi ya uhasibu serikalini miaka mingi, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa mratibu wa majibu ya hoja za ukaguzi katika taasisi moja ya umma. Nitawajibu kwa kuwapitisha kwenye hoja moja ndogo niliyoibeba mwenyewe kwa takribani miaka mitatu. Ukiielewa hiyo, kurasa nyingi za ripoti ile kubwa zitaanza kusomeka.

Kwanza kalenda, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Mwaka wetu wa fedha unaisha Juni 30. Taasisi inafunga hesabu na kuzipeleka kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, wakaguzi wanaingia kazini, na ripoti inamfikia Rais mwishoni mwa Machi mwaka unaofuata. Ibara ya 143 ya Katiba inataka ripoti hiyo ifikishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kikao cha kwanza cha Bunge baada ya Rais kuipokea. Kuanzia hapo inakuwa mali ya kamati: ya wizara, idara na taasisi kwenye PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za Serikali, na ya halmashauri kwenye LAAC, kamati ya hesabu za serikali za mitaa. Chukua ripoti za mwaka wa fedha 2021/22. Ziliwekwa mezani Aprili 6, 2023, na Bunge likajadili taarifa za kamati Novemba mwaka huohuo. Kwa hiyo malipo yaliyofanyika Agosti 2021 yalifika kwenye mjadala wa Bunge zaidi ya miaka miwili baadaye. Kumbuka pengo hilo, nitalirudia.

Sasa hoja yenyewe. Taasisi yetu ilinunua kompyuta 40 kwa shilingi milioni 2.1 kila moja, jumla milioni 84. Malipo yalitoka siku za mwisho za Juni. Mkaguzi alipokuja miezi kadhaa baadaye hakuanza na hati ya malipo. Alikwenda stoo, akaomba leja, akazunguka ofisi kwa ofisi akigeuza mashine moja baada ya nyingine na kuandika namba ya kiwandani iliyo nyuma yake. Alipata namba 31. Siku ile hakulalamika wala kuuliza mengi, alirudi mezani kwake akaandika: kompyuta 9 zenye thamani ya shilingi milioni 18.9 zimelipiwa na hazijaonekana.

Hapa ndipo taasisi nyingi zinapopoteza mchezo, na sisi tuliupoteza vilevile. Hoja ya namna hii huanzia kwenye rasimu, kabla ya ripoti yoyote kuchapishwa. Menejimenti inapewa muda wa kujibu, kisha kunakuwa na kikao cha kufunga ukaguzi ambako kila hoja inapitiwa. Mwenye kielelezo akikileta wakati huo, hoja inaishia palepale na haitamfikia mbunge yeyote. Jibu letu la kwanza lilisema hivi: "Menejimenti imepokea hoja na inaendelea kulifanyia kazi suala hili." Nimeisoma sentensi hiyo kwenye majalada mengi mno. Haimwambii mkaguzi kilichotokea, haina tarehe, haimtaji mwenye dhamana, na haina kiambatisho. Mkaguzi anainakili kama ilivyo chini ya hoja, na mbele yake anaandika kwamba anasubiri ushahidi. Hoja imeshaingia kwenye ripoti.

Jibu la pili, lililoandaliwa na mkuu wa kitengo kingine, lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilijiamini. Lilidai kompyuta zote 40 zilipokelewa, likaambatisha hati ya kupokelea mali na muhtasari wa kamati ya ukaguzi na mapokezi, vyote vikiwa na saini na tarehe ya Juni. Kwenye karatasi mambo yalikuwa sawa. Lakini mkaguzi aliomba leja ya stoo yenyewe, kitabu chenyewe na si nakala. Kwenye mstari wa Juni tarakimu ya mapokezi ilikuwa 40, salio likaonesha 40, halafu matoleo yaliyofuata, ukiyajumlisha hadi stoo inabaki tupu, yakafika 31 tu. Ili mahesabu yafunge, mtu alikuwa ameongeza mstari mmoja wa "kompyuta 9, idara mbalimbali" katikati ya mistari miwili ya zamani, kwa mwandiko uliobanwa, bila namba ya hati ya kutolea mali. Hati ya kutolea ina namba za mfululizo. Ukikosa namba hiyo, hakuna idara iliyosaini kwamba imepokea.

Ukweli tuliupata tulipokaa na mtunza stoo bila kumtisha. Mzabuni alileta kompyuta 31 na kuahidi zilizobaki wiki mbili mbele. Juni 30 ilikuwa imekaribia, na kila mtu alihofia kwamba fedha isiyotumika ingerudi Hazina. Kamati ya mapokezi ikasaini 40 ili malipo yapite. Baadaye, Septemba, mzabuni alileta 6, na 3 hazikuja kamwe. Sita zile hazikuingizwa kwenye leja kwa sababu leja tayari ilisema 40, zikaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya mkoani ambako mkaguzi hakufika. Hakuna aliyebeba kompyuta nyumbani. Lakini saini ya uongo ilikuwepo, na milioni 6.3 ya umma ilikuwa mikononi mwa mzabuni.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo, kwa sababu watu wengi hawaioni tofauti hii. Hoja ile ilikuwa na vitu viwili ndani yake. Cha kwanza ni mali: ziko wapi kompyuta 9. Cha pili ni udhibiti: imekuwaje kamati ikathibitisha kisichofika. Sisi tulihangaika na cha kwanza. Tulileta namba za kiwandani za zile 6 na hati ya makabidhiano ya Septemba, tukamdai mzabuni, akarudisha milioni 6.3 kwa namba ya malipo ya serikali, tukaambatisha stakabadhi. Tulidhani tumemaliza. Ripoti iliyofuata ikaja na maneno "utekelezaji unaendelea". Tulikasirika, lakini mkaguzi alikuwa sahihi. Kuhusu wale waliosaini hatukuwa tumesema neno.

Kwa hoja ya milioni 18.9, PAC kwa kawaida isingejua hata kwamba ipo. Kamati ina taasisi nyingi na siku chache, hivyo huchagua kwa uzito wa fedha, kwa aina ya hati ya ukaguzi ambayo taasisi imepewa, na kwa mapendekezo yanayojirudia. Sisi tuliitwa kwa hoja nyingine kubwa zaidi, na ya kompyuta ikafuata kwa mlango wa hoja za miaka ya nyuma.

Wasiowahi kuingia chumba kile wanadhani wabunge wanasoma ripoti na kuanza kuuliza. Kabla Afisa Masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, hajaitwa ndani, kamati huwa imekaa na wataalamu wa ofisi ya CAG na kupitishwa kwenye hoja, majibu yetu, na kile ambacho majibu hayajajibu. Wataalamu hao wanabaki chumbani. Ukisema umewasilisha kielelezo, Mwenyekiti anawageukia: mmekiona? Kikiwa kimewasilishwa asubuhi ileile, watasema hawajakihakiki, na kwa kamati jibu ambalo halijahakikiwa linahesabika kuwa bado halijatolewa.

Afisa Masuuli wetu alikuwa na miezi mitano kazini. Lile pengo la miaka miwili ndilo hili: aliyeidhinisha malipo alishahamishwa, na anayejibu anasoma historia ya mwenzake. Alianza vizuri, "Mheshimiwa Mwenyekiti, wakati huo sikuwepo," na mbunge mmoja akamkatiza kwa upole kwamba kamati inaita kiti, haiiti mtu. Kisha akauliza swali ambalo karatasi zetu zote hazikulijibu: "Nani walisaini arobaini, na wako wapi leo?" Kompyuta hakuzitaja hata mara moja. Mmoja wa waliosaini alikuwa amekaa nyuma yetu, kwenye viti vya watumishi, akiwa na jalada la hoja mapajani.

Kamati haifukuzi mtu wala haifungi mtu. Inaandika taarifa, Bunge likikubali mapendekezo yanakuwa maazimio, na Serikali inatakiwa kurudi na utekelezaji. Penye dalili ya jinai, CAG ana njia yake ya kuvifikia vyombo vya uchunguzi kama TAKUKURU. Nguvu ya kamati iko kwenye kutokubali maelezo matupu, na kumrudisha mkaguzi uwandani.

Mfano mkubwa wa hilo mnaukumbuka. Aprili 2018, kutokana na ripoti ya mwaka 2016/17, Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani wakati huo, alihoji tofauti ya takribani shilingi trilioni 1.5 kati ya mapato yaliyokusanywa na fedha zilizotoka. Serikali ilijibu bungeni kwa mafungu: hati fungani zilizoiva, mapato yaliyohesabiwa lakini bado hayajalipwa, na makusanyo yaliyofanywa kwa niaba ya Zanzibar. Kama muundo wa jibu, hilo lilikuwa la kitaalamu, kwani kila fungu lilieleza kipande cha tofauti. Lakini kila fungu linahitaji karatasi yake: la kwanza linathibitishwa Benki Kuu, la pili kwenye hesabu za wadaiwa, la tatu kwa rekodi za uhamisho. Ndiyo maana suala halikuishia kwenye kauli ya Naibu Waziri, likarudi kwa CAG kwa uhakiki, na matokeo yakafikishwa PAC mwanzoni mwa 2019. Katika mabishano ya mitandaoni, upande mmoja ulishikilia kwamba tofauti ni wizi na mwingine kwamba maelezo ni ushahidi. Kwa mhasibu yote mawili si kweli. Tofauti ni swali tu, na maelezo ni ahadi ya kuleta karatasi.

Sisi tulirudi kutoka Dodoma tukafanya kilichopaswa kufanywa mwanzo. Wajumbe watatu wa kamati ya mapokezi walipewa hati za tuhuma na kushughulikiwa kwa taratibu za nidhamu. Utaratibu ukabadilika: hati ya malipo ya vifaa vya namna hii haipokelewi uhasibuni bila orodha ya namba za kiwandani iliyosainiwa na stoo, na mali pungufu inalipiwa kwa idadi iliyofika. Juni iliyofuata tuliacha milioni kadhaa zirudi Hazina kwa sababu majenereta mawili yalikuwa bado bandarini. Mkurugenzi alinipigia simu saa mbili usiku akiuliza kama nina uhakika. Nilimwambia ndiyo.

Mkaguzi alipokuja tena alichukua hati tano za Juni bila kutuchagulia, akaenda nazo stoo peke yake, akakaa huko hadi mchana. Kwenye jedwali la mapendekezo ya miaka ya nyuma, mstari wetu wa kompyuta ukaandikwa "limetekelezwa".