Kikoba si mchezo: zamu, mchango na hisa

Kwenye kikao cha pili cha mzunguko wetu wa mwaka huu, mwanachama mgeni aliinua mkono akauliza kwa upole: "Samahani dada katibu, zamu yangu ya kupokea ni mwezi gani?" Watu wakatazamana. Mwezi wa kwanza alinunua hisa mbili, siku ile akanunua mbili tena, na muda wote huo aliamini anacheza mchezo. Alishapanga mpaka cha kununua: friji la kuuzia barafu.

Kosa halikuwa lake. Jirani aliyemleta alimwambia "njoo tucheze", na sisi viongozi tukampokea kwa "leta mchango wako mama". Katika sentensi mbili tulimpa maneno mawili yasiyo sahihi, kisha tukashangaa hakuelewa. Mwenyekiti akaniagiza nirekodi video ya dakika tatu ambayo kila mgeni ataangalia kwenye simu kabla hajatoa shilingi yake ya kwanza. Video imekamilika, lakini dakika tatu hazitoshi kusema yote, kwa hiyo mengine nayaandika hapa.

Maana yenyewe ni fupi. Kikoba ni kikundi cha watu wanaojuana ambao kila mwezi hununua hisa. Pesa ya hisa hubaki kwenye kikundi, hukopeshwa kwa wanachama wenyewe kwa riba waliyokubaliana, na mwisho wa mzunguko, kwa kawaida mwaka mmoja, kikoba huvunjwa na kila mtu huchukua kulingana na idadi ya hisa zake.

Mchezo ni kitu kingine kabisa. Chukua wanawake kumi wanaotoa shilingi 50,000 kila mwezi. Kijumbe anazikusanya, zinakuwa 500,000, na siku hiyohiyo zinakwenda kwa mwenye zamu. Mwezi unaofuata ni mwingine. Miezi kumi ikiisha kila mmoja ametoa 500,000 na amepokea 500,000, hakuna iliyobaki wala iliyoongezeka. Anayepokea wa kwanza amepata mkopo usio na riba kutoka kwa wenzake tisa, na wa mwisho amekuwa akiwakopesha wenzake miezi tisa bila kudai chochote. Ndiyo maana watu hugombea namba za mwanzo, na ndiyo maana hatari ya mchezo iko sehemu moja tu: aliyekwisha kupokea anaweza kuacha kutoa. Mchezo hauhitaji sanduku, kwa sababu pesa hailali. Ukiona mchezo una sanduku, kuna mtu hajapewa haki yake.

Jina lake la zamani ni upatu, na jina hilo linanisikitisha, kwa sababu limechafuliwa. Siku hizi ukisema upatu, wengi wanafikiria zile biashara za kuahidi kwamba ukitoa laki moja leo na kuleta watu wawili utavuna laki tatu. Ule ni utapeli wa piramidi. Unaishi kwa kuingiza watu wapya, na wapya wakikauka unaanguka. Upatu wa majirani haujawahi kumtaka mtu alete mwingine: watu ni walewale kumi kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Neno kikoba nalo lina safari yake. Mtindo huu wa kuweka na kukopa haukuanzia kwetu. Ulianza mwaka 1991 huko Maradi, nchini Niger, shirika la CARE lilipofanya kazi na vikundi vya wanawake wa Kihausa. Baadaye ukafika Zanzibar, kwenye vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, kisha ukaenea bara. Huku ukapewa jina VICOBA, herufi zilizokatwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya benki za jamii vijijini. Mswahili akisikia "vikoba" anasikia wingi wa ki-vi, kama viti na vikapu. Kwa hiyo kikundi kimoja kikaitwa kikoba, bila mtu yeyote kukaa kikao cha kuamua. Na bahati nzuri kikoba lilikuwa neno letu tangu zamani: mkoba mdogo, wa kutunzia vitu vidogo vya thamani. Herufi za kigeni zimeangukia mahali pake hasa. Mkoba ni kitu cha kuwekea. Ndani ya jina tayari kuna tofauti yote ninayoieleza: mchezo unapitisha pesa, kikoba kinaiweka.

Sasa neno linaloniudhi zaidi ya yote, nalo ni mchango. Kuchanga ni kutoa kidogo kidogo ili jambo la mtu au la wote lifanyike. Tunachanga msibani, tunachanga harusini, tunachanga kisima. Ukishachanga umetoa. Huendi kwa mfiwa baada ya mwaka kudai salio lako. Hisa, ambalo ni neno la Kiarabu lenye maana ya fungu au sehemu, ni kinyume chake: ni sehemu yako ndani ya kitu, nayo ina jina lako. Mtu akiambiwa kila mwezi "toa mchango", polepole anaanza kuamini pesa si yake tena. Hapo ndipo haulizi daftari, hahesabu mihuri ya hisa kwenye kitabu chake, na siku ya kuvunja anapokea anachopewa na kushukuru. Nimeshaona mama akishukuru kwa hisa zake mwenyewe.

Mchango upo ndani ya kikoba, lakini ni mmoja tu: mfuko wa jamii. Kwetu ni shilingi 2,000 kila kikao, sawa kwa wote, na hutoka mtu akifiwa, akilazwa au akijifungua. Hiyo haina muhuri wala haizai gawio. Inahesabiwa peke yake, inafungwa kwenye mfuko wake wa kitambaa wenye rangi tofauti, na haiguswi kwa mikopo.

Kwenye video nilitumia sinia na maharage. Kila punje ni hisa moja ya shilingi 10,000. Mwanachama ananunua kuanzia hisa moja hadi tano kwa mwezi, na kwa kila hisa katibu anagonga muhuri mmoja kwenye kitabu chake, mbele ya wote. Ukinunua mbili unagongewa miwili, na nafasi tatu zilizobaki zinapigwa mstari wa msalaba palepale, ili asitokee mtu nyumbani akaongeza mihuri usiku. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanazo wanachama watatu ambao si mwenyekiti, si katibu, si mweka hazina, na anayetunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Halifunguliwi nje ya kikao.

Tufanye kikundi cha watu 15, na mwisho wa mwaka hisa zote zimefika 450. Hiyo ni shilingi 4,500,000 zilizotoka mifukoni mwenu. Katika mwaka huo mikopo yote iliyotolewa ni 6,750,000, kwa sababu pesa ileile ilirudi ikakopeshwa tena, na riba ni asilimia 10 ya mkopo, hivyo riba imeingiza 675,000. Faini za kuchelewa ni 45,000. Jumla ya kugawa ni 5,220,000. Gawa kwa hisa 450: kila hisa iliyoingia kama 10,000 inatoka kama 11,600. Mama aliyenunua hisa mbili kila mwezi ana hisa 24, aliweka 240,000, anaondoka na 278,400.

Hapo wageni hushangilia, nami huwaomba wasubiri. Zile 38,400 zimetoka wapi? Watu husema "kikoba kinazaa" kana kwamba pesa ilikuwa inataga mayai ndani ya sanduku. Zimetoka kwa wanachama waliokopa. Tuseme mama huyohuyo mwezi wa sita, akiwa na hisa 12, alikopa 300,000. Kanuni yetu ni usikope zaidi ya mara tatu ya hisa zako, na yeye ana 120,000, kwa hiyo kikomo chake ni 360,000. Alilipa riba 30,000. Ukitoa riba hiyo kwenye nyongeza yake, amebakiwa na 8,400. Hajapunjwa. Alipata mtaji wa 300,000 bila kuweka rehani kitanda chake, na sehemu ya riba yake imerudi kwake mwenyewe kwenye gawio. Ila asidhani kikoba kimempa pesa ambayo haikuwepo. Vikundi visivyotoza riba kwa sababu za dini wanalijua hili vizuri: kwao hisa hurudi karibu kama ilivyoingia, na hakuna anayelalamika.

Kutokana na hayo utaona hatari ya kikoba haifanani na ya mchezo. Hapa anayeumiza ni mkopaji asiyerejesha, hasa miezi ya mwisho. Ndiyo sababu sisi hatutoi mkopo wowote katika miezi miwili kabla ya kuvunja, na kila mkopo una wadhamini wawili waliomo ndani ya kikundi. Dalili ya kwanza ya kikoba kuugua haionekani kwenye sanduku, huonekana kwenye kikao: taarifa ya mikopo inasomwa haraka, jina moja linasomwa "anaendelea vizuri" miezi mitatu mfululizo, na jumla ya fedha taslimu haitajwi kwa sauti. Kwetu kila mwanachama lazima akumbuke jumla ya sanduku ya kikao kilichopita, na kikao kinafunguliwa kwa kumuuliza mmoja wao yeyote. Isipolingana na iliyohesabiwa, hatuendelei.

Yule mgeni nilimkalisha pembeni baada ya kikao, nikamhesabia punje zake nne. Akaniuliza kama anaweza kutoka. Nikamwambia katiba yetu inamrudishia hisa zake bila gawio akitoka katikati, au anaweza kusubiri mwezi wa nne, tunapoanza kukopesha, akakopa kwa ajili ya friji. Aliamua kubaki, na akaingia mchezo wa kijumbe mmoja wa mtaa wa pili kwa pembeni. Hakuna ubaya, vyote viwili vina kazi yake.

Video nimeirekodi mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mimi mwenyewe nilisema "mchango wa mwezi" bila kujisikia. Kwa hiyo ukija kwenye kikao chetu ukasema umeleta mchango wa mchezo, nitakuelewa, na sitakukatiza mbele za watu. Nitachukua kitabu chako tu na kukuuliza: "Leo unanunua hisa ngapi?"