Mchoro bapa wa gauni: fundi anasoma nini humo?

Mchoro bapa ni picha ya gauni likiwa limetandazwa mezani, bila mtu ndani yake. Huchorwa mbele, na nyuma kando yake kwa ukubwa uleule, kwa mistari mitupu. Mstari kamili ni ukingo au mshono. Mstari wa vipande vipande ni uzi wa cherehani unaoonekana juu ya kitambaa. Picha ya simu ambayo wateja wengi huwapelekea mafundi wa Kiyembe, Kampala, haitoshi: mgongo hauonekani, na mahali pa zipu fundi hukisia.

Lakini kinachoharibu kazi zaidi ni namba. Tuchukue gauni la kitenge lenye mshono kiunoni, linalokomea magotini. Mvaaji ana kifua cha inchi 36. Gauni likiisha linatakiwa liwe 38, kwa sababu kitenge hakivutiki na mtu anahitaji kupumua na kuinua mikono. Ukiandika tu "kifua 38", fundi anaweza kudhani ni kipimo cha mwili, akaongeza 2 zake, na gauni likapwaya kwapani. Ukiandika 36 naye akaichukua kuwa ya gauni, litabana hata zipu ikatae kupanda. Andika hivi: "kifua cha mwili 36, gauni likiisha 38, mzunguko." Neno mzunguko usiliache, maana gauni hilohilo likilazwa lina upana wa 19, na wapo wanaopima hivyo.

Urefu nao lazima useme unaanzia wapi. Chora mshale kutoka begani, pale linapokutana na shingo, hadi pindo: 40. Kutoka hapohapo hadi kiunoni 17, kiunoni hadi pindo 23. Jumlisha kabla hujampa fundi. Hesabu isipotimia, atalazimika kuamua mwenyewe akate wapi, na mshono wa kiuno unaweza kuangukia tumboni.

Kwenye mchoro wa nyuma, zipu ya kufichika ya inchi 22 inaanzia shingoni na kupita kiuno kwa inchi 6 hivi. Ikiishia kiunoni penyewe, mabega hayapiti.

Pembeni andika maelezo ya kushona, machache tu: vipimo hivi havina nafasi ya mshono, ubavuni acha inchi 1 ili gauni liweze kupanuliwa baadaye, kwingine nusu inchi, pindo inchi 1 na nusu, kingo zote zipigwe oveloki.

Kama kitenge kina ndege au maua yanayotazama juu, chora pia mshale wa wima na uandike "vipande vyote vielekee huku". Fundi akigeuza kipande ili kuokoa kitambaa, ndege wa nyuma watasimama kichwa chini. Kukata vipande vyote vikielekea upande mmoja kunakula kitambaa zaidi, kwa hiyo mwonyeshe fundi mchoro kabla hujanunua yadi.