MoSCoW na uwiano wa thamani kwa juhudi: kuchagua cha kutengeneza kwanza kwenye programu ndogo ya simu

Tuchukue wanafunzi wanne waliopewa kazi ya kozi: watengeneze programu ya simu ndani ya wiki 6. Wamechagua kumsaidia katibu wa VICOBA anayeandika hisa, mikopo na faini kwenye daftari kila Jumamosi. Siku ya kwanza wanakaa na kuandika kila kitu ambacho programu ingeweza kufanya. Orodha hiyo ya kazi zinazosubiri kufanywa ndiyo msingi wa usimamizi wa bidhaa, na haikawii kuwa ndefu kuliko muda uliopo. Swali ni nani anakaa juu na nani anakaa chini, na hapo ndipo zana mbili zinapoingia.

MoSCoW ilibuniwa na Dai Clegg mwaka 1994 alipokuwa akifanya kazi Oracle, kisha ikakuzwa na watu wa DSDM, moja ya mbinu za mwanzo za kutengeneza programu kwa awamu fupi. Herufi kubwa M, S, C na W zinatokana na maneno ya Kiingereza Must, Should, Could na Won't, na zinasimamia makundi manne: lazima iwepo, inafaa iwepo, iwepo ikiwezekana, na haitakuwepo safari hii. Herufi mbili za "o" hazina maana yoyote, zimewekwa ili jina litamkike. Zana ya pili ni uwiano wa thamani kwa juhudi: kila kazi inapewa alama ya faida itakayoleta na makadirio ya nguvu itakayokula, kisha ya kwanza inagawanywa kwa ya pili.

Wengi huzichukulia kama njia mbili za kufanya jambo lilelile, wakachagua moja. Sivyo. MoSCoW inajibu swali la mpaka: bila nini kazi hii haina maana ndani ya muda huu? Uwiano unajibu swali la foleni: kati ya zilizobaki, ipi itangulie? Ukigeuza mpangilio huo, hesabu itakupoteza, na nitaonyesha inavyotokea.

Kwanza lazima ijulikane mfuko una kiasi gani. Wanafunzi wetu wana kama saa 5 za kweli kila mmoja kwa wiki, yaani saa 120 kwa wote. Wakiondoa saa 30 za ripoti, majaribio ya mwisho na maandalizi ya kuwasilisha, zinabaki 90. Mwongozo wa DSDM unasema kazi za kundi la lazima zisizidi asilimia 60 ya juhudi yote. Kwa saa 90, hiyo ni saa 54. Sababu yake ni rahisi: makadirio huwa yanakosea, na kama lazima zimejaza mfuko wote, kosa la kwanza tu litakata kitu ambacho umekwisha sema hakiwezi kukatwa.

Kwenye raundi ya kwanza kikundi kiliweka hivi kwenye lazima: kuhifadhi data ndani ya simu bila mtandao (saa 10), kusajili wanachama (6), kurekodi hisa kwenye kikao (10), kuona salio la mwanachama (5), mikopo (22), kuingia kwa namba ya siri (4), na mgao wa mwisho wa mzunguko (12). Jumla saa 69, karibu asilimia 77. Dalili ya ugonjwa ni hiyo. Kila mtu anatetea kazi aliyoipenda, na neno "lazima" linakuwa jina jingine la "naitaka".

Dawa ni kuuliza swali moja kwa kila kazi: siku ya kukabidhi ikifika na hiki hakipo, je, kukabidhi kwenyewe kunapoteza maana? Kama kuna njia ya kuzunguka, hata ya kuchosha, hiyo si lazima. Swali hili haliulizwi kati ya wanafunzi peke yao, linapelekwa kwa mtumiaji.

"Mama, tukikuletea programu isiyopiga hesabu ya mgao, utaitumia Jumamosi?"

"Mgao ni Desemba, wanangu. Hisa nazikusanya kila wiki. Jumla za kila mtu nikiwa nazo, kugawa nitagawa kwa kikokotoo."

Hapo kuna jambo linalowashangaza wengi. Mgao ndiyo siku kubwa kuliko zote katika kikundi, siku ambayo kila mwanachama anarudishiwa akiba yake pamoja na faida. Kwa thamani ungepata alama ya juu kabisa. Lakini MoSCoW haipimi ukubwa wa jambo peke yake, inalipima ndani ya muda maalumu. Kwa wiki hizi 6 mgao unashuka kwenye "inafaa", na awamu ijayo unaweza kupanda ukawa lazima. Lebo hizi si cheo cha kudumu.

Bado kuna saa 57, tatu zaidi ya kikomo. Mwanya uko kwenye kazi kubwa kuliko zote, yaani mikopo. "Mikopo" si kazi moja. Ndani yake kuna kurekodi mkopo na marejesho (saa 12), kupiga hesabu ya riba (6), na kumzuia mwanachama asikope zaidi ya mara tatu ya hisa zake (4). Katika vikundi vingi kikomo hicho cha mara tatu kinajulikana kwa kila mtu kikaoni, na katibu anakiona papo hapo kwa kutazama salio. Kikishuka kwenye "inafaa", mikopo inabaki na saa 18 na lazima zote zinakuwa 53. Kazi kubwa isiyogawanywa ndiyo inayovimbisha kundi la lazima, kwa sababu sehemu yake moja ya muhimu inazibeba nyingine zote mgongoni.

Namba ya siri ilileta ubishi. Simu ni ya katibu, inafungwa tayari, na yeye hakuiomba. Ikabaki lazima kwa sababu maelekezo ya mhadhiri yanasema wazi kuwa programu iwe na njia ya kuingia. Kazi ya darasa ina wateja wawili, mtumiaji na anayesahihisha. Nashauri lebo ya kila kazi iandikwe na sababu yake, ili ijulikane ipi imetoka kwa nani.

Kundi la "inafaa" sasa lina mgao (12), kikomo cha mkopo (4), na faini pamoja na mfuko wa jamii (4). Kundi la "ikiwezekana" lina meseji za kukumbusha marejesho (8), ripoti ya PDF (6) na mwonekano wa giza (3). Malipo ya moja kwa moja kutoka pochi ya simu yamekadiriwa saa 30, na kuyatumia kwa fedha halisi kunahitaji makubaliano ya kibiashara na mtoa huduma. Hayo yanaandikwa "haitakuwepo safari hii". Yanaandikwa, hayafutwi, kwa sababu mtu atayauliza siku ya kuwasilisha na jibu linatakiwa liwepo.

Sasa tuje kwenye uwiano. Thamani inatolewa kuanzia 1 hadi 5, na katibu ndiye anayetoa alama nyingi. Juhudi ni saa, zikiwa na majaribio ndani yake. Tukiziweka kazi saba kwenye foleni moja bila kujali makundi, tunapata hivi:

```
uwiano = thamani / juhudi

kikomo cha mkopo       4 / 4  = 1.00
faini na mfuko         3 / 4  = 0.75
mwonekano wa giza      2 / 3  = 0.67
meseji za kukumbusha   4 / 8  = 0.50
mgao                   5 / 12 = 0.42
ripoti ya PDF          2 / 6  = 0.33
mikopo                 5 / 18 = 0.28
```

Tazama mkiani. Mikopo, ambayo bila hiyo katibu anarudi kwenye daftari lake, imekuwa ya mwisho, na mwonekano wa giza umeipita mbali. Hesabu haijakosewa. Uwiano kwa asili yake unapendelea vitu vidogo, kwa hiyo ukiuachia foleni nzima utamaliza wiki 3 ukiwa na programu iliyopambwa vizuri isiyofanya kazi yake. Ndiyo maana uwiano unatumika ndani ya kundi tu: kwenye "inafaa" kinatangulia kikomo, kisha faini, kisha mgao. Mwonekano wa giza utashindana na meseji na PDF, si na mgao.

Ndani ya lazima uwiano hauna kazi kubwa, kwa kuwa zote zitafanywa. Kinachopanga pale ni utegemezi na wasiwasi. Kuhifadhi data kunaanza kwa sababu hisa, salio na mikopo vyote vinasimama juu yake. Hesabu ya riba inafuata mapema kadiri inavyowezekana, kwa kuwa ndiyo yenye maswali mengi: riba inahesabiwa kwa mkopo wote au kwa kilichobaki? Mwanachama akichelewa mwezi inakuwaje? Jibu liko kwenye katiba ya kikundi, na ni bora kulipata wiki ya 2 kuliko ya 5.

Tofauti kati ya 0.42 na 0.50 usiipiganie. Alama zote mbili ni makadirio, na saa mbili zikiongezeka kwenye juhudi ya meseji mpangilio unageuka. Faida kubwa ya zoezi hili ni kwamba linamlazimisha mtu kuuliza juhudi imetoka wapi. Meseji zilikadiriwa saa 8 kwa sababu mwanafunzi alidhani programu itatuma yenyewe, jambo linalohitaji ruhusa ambayo duka la Google Play linaibana sana. Mwenzake akapendekeza programu ifungue tu sehemu ya meseji ya simu, namba na maneno yakiwa yamejazwa tayari, na katibu abonyeze kutuma. Kwenye Android hilo halihitaji ruhusa yoyote maalumu:

```
val i = Intent(Intent.ACTION_SENDTO, Uri.parse("smsto:$namba"))
i.putExtra("sms_body", ujumbe)
startActivity(i)
```

Juhudi ikashuka hadi saa 2. Thamani nayo ilishuka, kutoka 4 hadi 3, kwani katibu bado anabonyeza mwenyewe. Uwiano ukawa 1.5, meseji zikaongoza kundi lao, na saa 6 zikarudi mfukoni.

Wiki ya 4 kuhifadhi data kukawa kumekula saa 20 badala ya 10, kwa sababu rekodi za hisa zilikuwa zikijirudia simu inapozimika katikati ya kikao. Saa 6 zilizookolewa kwenye meseji zikafidia sehemu, zikabaki 4. Hapakuwa na haja ya mjadala mpya: ilikatwa PDF, ya mwisho kwenye foleni ya "ikiwezekana", na saa 2 zilizozidi zikawekwa akiba kwa ajili ya mgao. Kwenye ripoti ya kozi kikundi kiliambatisha orodha mbili, ya wiki ya 1 na ya wiki ya 4, na pembeni ya kila kazi iliyohama wakaandika imehama kwa sababu gani na nani aliulizwa.