Asilimia za mauzo zimefika 100, je zinalingana na idadi?

Kwenye kitengo chetu cha takwimu tunaletewa ripoti nyingi za mauzo, na watu wengi wakishaona asilimia zimefika 100 wanasaini, zikija 100.1 wanarudisha faili. Zote mbili sio sawa, ngoja tuchukue duka la jumla tuone.

Tuseme mwezi huu wameuza mifuko 350: sembe 164, mchele 97, sukari 58, maharage 31. Cha kwanza kabisa jumlisha hiyo idadi mwenyewe, usiiamini tu jumla iliyoandikwa chini. Alafu gawanya kila mstari kwa 350 na uzidishe kwa 100. Kama unatumia Eksel na jumla iko B6, funga kigawanyo kwa alama ya dola, la sivyo ukivuta fomula kwenda chini na chenyewe kinashuka:

```
=B2/$B$6*100
```

Utapata 46.9, 27.7, 16.6 na 8.9, jumla yake 100.1. Hapo hakuna kosa, ni kwa sababu kila namba imefupishwa hadi desimali 1, na kila mstari unaweza kupotoka kwa 0.05 tu, kwahiyo mistari minne haiwezi kuvuka 0.2. Tafadhali usipunguze mstari wa mwisho ili ifike 100, maana maharage yatasomeka 8.8 wakati 31 kwa 350 ni 8.9. Andika tu chini ya jedwali kwamba tofauti imetokana na kufupisha desimali.

Sasa ikija 97.2 hiyo sio desimali tena. Mfano mifuko 10 ya maharage imerudishwa na wateja, karani akabadilisha 31 kuwa 21 ila jumla akaiacha 350, maharage yanakuwa 6.0 na ripoti nzima 97.2. Pengo ni 2.8, na 2.8 ya 350 ni 9.8, yaani karibu mifuko 10, kwahiyo pengo lenyewe linakuambia utafute nini. Ukigawanya upya kwa 340 unapata 48.2, 28.5, 17.1 na 6.2, na tazama, mistari yote imebadilika sio maharage peke yake, ndo maana kurekebisha mstari mmoja tu hakusaidii.

Kosa linalotupa shida zaidi ni lile ambalo jumla haiwezi kulionyesha. Mtu akibadilishana mchele na sukari, sukari ikapewa 27.7 na mchele 16.6, jumla inabaki ile ile. Hapa rudi kinyume, zidisha asilimia kwa jumla ya mifuko kisha gawanya kwa 100: 27.7 ya 350 ni karibu 97, wakati mstari wa sukari unasema 58, hapo umelinasa. Fanya hivyo kila mstari, na kama hakuna hata mmoja unaokubali basi muulize aliyeandaa kama asilimia alizitoa kwenye shilingi badala ya mifuko, maana nazo zinafika 100 vizuri tu.