Meseji Tatu kwa Mmoja, Mwengine Hata Moja: Fankshen ya Klaudi Ikikatwa Katikati

Mimi niko kitengo cha tehama cha chuo kimoja hapa Mombasa, na kazi yetu nyengine ni kusaidia vikundi na sako ndogondogo zinapokwama na mitambo yao. Sasa kuna kesi moja nataka niieleze polepole, kwa sababu nimeiona kwa sura tofauti zaidi ya mara moja na kila mara watu wanatafuta kosa pahali sipo.

Sako moja ya wenye tuktuk ilikuwa inatumia wanachama meseji ya akiba na deni kila mwisho wa mwezi, saa tano usiku. Kazi hiyo inafanywa na fankshen ya AWS Lambda, yaani skripti inayokaa klaudi bila seva yako mwenyewe, inaamshwa na ratiba, inafanya kazi, inalala. Walipoanza walikuwa wanachama 2,400 na kila meseji ilichukua kama sekunde 0.3, kwa hivyo yote ilikwisha kwa sekunde 720, dakika 12 hivi, na mwaka mzima hakuna aliyelalamika.

Kisha wakafika 3,400.

Mzee mmoja, mwanachama wa zamani sana, akaja ofisini kwao kachemka: "Nyinyi vijana, mbona usiku mwaniamsha mara tatu na meseji ile ile?" Wiki hiyo hiyo dada mmoja wa Likoni aliyejiunga juzijuzi akapiga simu anauliza mbona yeye hapati chochote, miezi miwili sasa. Watu wa ofisi wakaandika shida mbili kwenye daftari. Ilikuwa moja tu.

Lambda haikubali kazi moja ipite dakika 15, yaani sekunde 900, na huwezi kuomba uongezewe (usipoweka chochote ni sekunde 3 tu!). Fanya hesabu: 900 gawa kwa 0.3 ni 3,000. Skripti ilikuwa inapita kwa namba ya uanachama kuanzia 1, kwa hivyo ikifika 3,000 hivi inauliwa papo hapo, na wale 400 wa mwisho, ambao ndio wapya, hawafikiwi. Na ikiuliwa haipewi nafasi ya kusema kwaheri, hata ukiwa umezungushia `try` na `except` haitashika kitu, maana ni mchakato wenyewe unaozimwa kutoka nje.

Sasa meseji tatu zatoka wapi? Ratiba inapoamsha Lambda bila kusubiri jibu, Lambda ikiona kazi imefeli inajaribu tena mara mbili yenyewe, ya kwanza baada ya kama dakika moja, ya pili baada ya kama dakika mbili. Na kila jaribio linaanza tena kwa mwanachama namba 1. Mzee alikuwa amezihifadhi meseji zake, tukamuomba simu tukaangalia: saa tano kamili, saa tano na dakika 16, saa tano na dakika 33. Ukijumlisha 15 na 1, halafu 15 na 2, unafika pale pale. Kusema kweli simu ya yule mzee ilitusaidia kuliko logi.

Logi nayo ilikuwa nayo, ila hakuna aliyeifungua:

```
Task timed out after 900.00 seconds
```

Mstari huo mara tatu, na namba ya ombi ni ile ile mara zote tatu, ndiyo dalili kuwa ni kazi moja inarudiwa.

Fundi wao alikuwa ashaongeza memori, na mimi simlaumu, wengi hukimbilia hapo, lakini skripti hii muda mwingi inangoja tu jibu la mtambo wa meseji, memori haiwezi kumharakisha mtu unayemngoja. Tulichofanya ni kuweka safu kwenye databezi inayoonyesha nani ashatumiwa mwezi huu, na skripti ikawa inaangalia muda uliobaki kabla ya kila mtu:

```python
for m in bado_kutumiwa(mwezi):
    if context.get_remaining_time_in_millis() < 30000:
        break
    tuma(m)
    weka_alama(m, mwezi)
```

Alama inawekwa hapo hapo baada ya kila meseji, si mwisho wa lupu, ukiiweka mwisho ni kama hujaiweka. Zikibaki sekunde 30 inajisimamisha yenyewe kwa heshima, Lambda inaona kazi imekwisha salama na haiirudii. Kisha ratiba ikawekwa iamshe mara mbili, saa tano na saa tano na nusu: mzunguko wa kwanza unapata kama watu 2,900, wa pili unaokota 500 waliobaki kwa dakika mbili na nusu.

Ingekuwa ni kutuma pesa badala ya meseji nisingetosheka na hii, kwa sababu mtambo unaweza kukatika kati ya `tuma` na `weka_alama` na huyo mmoja akalipwa mara mbili, hapo kila malipo yapewe namba yake ya kumbukumbu ambayo upande wa kupokea utaikataa ikija tena.

Saa sita usiku sasa kuna kaskripti kengine kadogo kanahesabu wasio na alama, wakizidi sifuri kanamtumia meseji katibu.