Flaneli Ifuliwe Kabla ya Mkasi

Januari moja mwalimu wa shule fulani hapa Kisumu alinirudishia sodo za kufuliwa 40 kati ya 120 nilizomshonea pamoja na sketi za sare. Zilikuwa zimefuliwa mara mbili tu, na tayari zilikuwa zimejikunja kingoni kama jani la mgomba lililopigwa na jua.

"Fundi, wasichana wanasema zinawakwaruza," aliniambia. Kosa lilikuwa langu.

Sodo hizi zina matabaka matatu: flaneli ya pamba juu, taulo ya kunyonya katikati, na chini kitambaa chenye utando wa plastiki kisichopitisha maji. Flaneli ikifuliwa hurudi, ule utando haurudi. Mimi nilikuwa nimekata flaneli moja kwa moja kutoka kwenye jora.

Siku hizi kila jora jipya nalipima. Nakata kipande cha sentimita 50 kwa 50, nakifua kwa maji moto, nakianika, kisha nashika futi. Jora la mwisho lilitoka na 47. Kwa sodo ya sentimita 28, hiyo ni zaidi kidogo ya sentimita moja na nusu iliyopotea, na ndiyo inayokunja kingo. Kwa sodo 120 nilihitaji mita 5 baada ya kufua, hivyo nilinunua mita 5 na nusu.

Kufua kuna faida nyingine. Flaneli mpya ina wanga wa kiwandani. Dondoshea tone la maji: likisimama kama shanga, kitambaa bado hakinyonyi, kifue tena. Usitie dawa ya kulainisha nguo, nayo huzuia maji kuingia.

Kitambaa cha sketi cha polista hakinisumbui hivyo; hapo naacha tu pindo la sentimita 8, mtoto akirefuka mzazi anafumua. Kaptura za pamba ndizo nazipima kama flaneli.

Kwenye kushona, ule utando usiuchome pini katikati. Kila tundu ni mlango wa damu. Mimi hubana kingo kwa vibanio vya kuanikia nguo. Taulo naishonea kwenye flaneli kwanza, peke yake, ndipo naweka utando chini na kuzungusha mshono ukingoni tu. Wanaopitisha mshono katikati ya matabaka yote ili sodo ikae vizuri wanaharibu kazi, hata kama inapendeza machoni.

Kabla ya kufunga oda natoa moja katika kila kumi, naimwagia vijiko viwili vya maji, naiweka juu ya gazeti kavu na kuikandamiza kwa kiganja. Gazeti likilowa, naifumua nione sindano ilipita wapi, kisha napima zote za kundi hilo.

Oda za Januari naacha kuzipokea wiki ya kwanza ya Desemba. Flaneli lazima ikauke kabisa kwenye kamba kabla sijaikata, na mvua za mwisho wa mwaka hazina ratiba.