Kijana anayeogelea kila siku na mfupa wake wa mkono

Pita kwenye bucha lolote la Kirumba au Mabatini hapa Mwanza asubuhi, uangalie mguu wa ng'ombe uliokatwa kwa msumeno kwa ajili ya supu. Utaona duara jeupe, gumu, na katikati yake uboho. Mfupa wa paja lako nao ni bomba la namna hiyo. Unene wa ule ukuta mweupe na wingi wa madini yaliyomo ndivyo vinavyochangia sana kuamua kama mfupa utahimili kuanguka au utavunjika.

Ukuta huo haujengwi kwa kasi ileile maisha yote. Kwa wasichana, kasi ya kuweka madini kwenye mifupa hufikia kilele wakiwa na takriban miaka 12 na nusu, na kwa wavulana takriban miaka 14. Katika miaka miwili tu inayozunguka kilele hicho, mwili huweka karibu robo ya madini yote ya mifupa atakayokuwa nayo mtu akiwa mtu mzima.

Ila kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Urefu hutangulia. Mfupa hurefuka kwanza, na madini ya kuujaza hufuata miezi sita hadi mwaka baadaye. Katika pengo hilo kijana anaonekana amekuwa mkubwa, suruali zimemkimbia, lakini mifupa yake bado haijakomaa kulingana na urefu wake. Ndiyo maana mivunjiko ya mkono, hasa karibu na kifundo, huwa mingi sana katika umri huu.

Tumchukue mvulana wa miaka 14 anayeishi Igogo. Ameongezeka sentimeta 9 ndani ya mwaka mmoja. Kila jioni anaogelea ziwani na wenzake, na shuleni anakwenda kwa baiskeli. Hana kitambi, pumzi anayo, mabega yamejaa. Siku moja anateleza uwanjani, anatanguliza kiganja, na mfupa unavunjika juu kidogo ya kifundo. Mama yake anauliza swali ambalo sisi wa fiziotherapia tunalisikia mara nyingi: “Mbona mwanangu anafanya mazoezi kila siku?”

Ni kweli anafanya. Moyo, mapafu na misuli yake vimefaidika, na kuogelea asiache. Lakini majini uzito wake unabebwa na maji, na kwenye baiskeli unabebwa na kiti. Mfupa hauhesabu jasho. Ndani yake kuna seli zilizozikwa kwenye vishimo vidogo mno, zimezungukwa na majimaji. Mguu unapotua chini kwa kishindo, mfupa unapinda kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, yale majimaji yanasukumwa, na seli hizo zinazituma seli za ujenzi kuongeza mfupa pale palipoelemewa. Bila kishindo, ujumbe huo hautumwi kwa nguvu. Waogeleaji waliopimwa mara nyingi wamekutwa na mifupa isiyozidi ya watu wasiofanya mazoezi, wakati wacheza mpira na wanaoruka wamewazidi.

Tena mfupa hujibu mahali palipopata mzigo tu. Kwa wachezaji wa tenisi, mfupa wa mkono unaoshika raketi huwa mnene kuliko wa mkono wa pili. Kwa hiyo kuruka kutamfaa kijana wetu kwenye nyonga na miguu. Kwa mikono anahitaji pushapu, kupanda mawe, au kuning'inia kwenye mti na kujivuta juu. Mwanza mawe tunayo ya kutosha, ila achague makavu, maana jiwe lenye unyevu la kando ya ziwa huteleza vibaya.

Sasa kiasi gani? Hapa ndipo watu hukosea kwa kudhani wingi ndio dawa. Zile seli huchoka kusikia. Baada ya vishindo kadhaa mfululizo, vinavyofuata huongeza kidogo sana, na seli zinahitaji saa kadhaa ili zisikie vizuri tena. Katika majaribio ya panya, vishindo 360 vilivyogawanywa katika awamu nne za 90 vilijenga mfupa zaidi kuliko vyote 360 kwa mkupuo mmoja. Huko Vancouver, Kanada, wanafunzi wa shule ya msingi walipewa zoezi la kuruka mara 10 kila kengele ilipolia, mara tatu kwa siku. Baada ya miezi minane, sehemu ya juu ya mfupa wa paja lao ilikuwa imeongeza madini zaidi ya wenzao.

Basi mvulana wetu, plasta ikishatolewa na daktari akiridhika kwamba mfupa umeunga, anaanza hivi. Anaruka mara 10 asubuhi kabla ya shule, mara 10 mchana, mara 10 jioni, siku tano kwa wiki. Anaruka kwa miguu yote miwili juu kadiri awezavyo, anatua kwa mbele ya nyayo kisha kisigino, magoti yamekunjwa kidogo na yakielekea vidole vilipo. Magoti yakiingia ndani na kugongana, apunguze urefu wa kuruka mpaka ayadhibiti. Wiki ya tatu anabadilisha: kuruka upande kwa upande, kisha kwa mguu mmoja, kwa sababu mfupa ukishazoea mzigo wa aina moja hupunguza kuujibu. Aruke kwenye udongo au majani, si kwenye mawe. Pushapu na kujivuta juu asianze mpaka aweze kuegemea kiganja bila maumivu. Mabadiliko ya mfupa huchukua miezi, na hayaonekani kwenye kioo.

Kishindo peke yake hakileti madini. Mwenye umri huu anahitaji takriban miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku. Hapa dagaa wa ziwani wanatusaidia sana, kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao. Minofu ya sangara ni tamu na ina protini, lakini kalsiamu ya sangara karibu yote inabaki kwenye mifupa unayoiacha sahanini. Kwa hiyo usiwakate dagaa vichwa ukavitupa.

Maumivu ya misuli siku mbili za mwanzo ni kawaida. Maumivu yanayokaa nukta moja juu ya mfupa, yanayozidi ukikimbia na kubaki hata usiku, si kawaida; acha kuruka ukapimwe, huenda ni ufa mdogo. Uvimbe mgumu chini ya goti kwa anayekua haraka mara nyingi ni msuli wa paja unavuta sehemu laini ya ukuaji, na hutulia akipunguza kuruka kwa muda. Kijana anayechechemea au kuumwa nyonga au kinena asiambiwe ajikaze, apelekwe hospitali. Mwenye selimundu, ugonjwa ambao Kanda ya Ziwa tunao kwa wingi, aonane na daktari wake kabla ya kuanza, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu na kuharibika.

Kwa wasichana nina ombi mahususi. Kilele chao kinakuja mapema, wengi wakiwa bado darasa la sita au la saba, na ndicho kipindi ambacho nyumbani wanaanza kuambiwa wamekuwa wakubwa, waache kuruka kamba na rede. Anakabidhiwa ndoo ya maji. Kubeba ndoo ni kazi nzito, lakini mzigo wake unakuja taratibu na mwendo ni wa tahadhari. Hauchukui nafasi ya kamba. Na msichana anayefanya mazoezi makali huku akijinyima chakula, hedhi ikikatika miezi mitatu mfululizo, apelekwe kituo cha afya, kwa sababu mifupa yake huenda imeanza kupoteza madini. Wengine wote warudishiwe kamba, na netiboli jioni, hata kama ndoo itachelewa nusu saa.